Hadithi fupi: "Mistari Imejaa". Naomba mnikosoe upande wa waifai

KalamuYaUsiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina hadithi fupi ya mwanafunzi anayefika Ujerumani, na usiku wa kwanza waifai ya bweni inamkataa. Lugha na hisia nitapambana nazo mwenyewe. Ninachoomba ni macho ya watu wa mitandao: mambo yanaweza kwenda hivi kweli? Chuo sikukitaja na sitakitaja. Naibandika yote.

*Mistari Imejaa*

*Zuhura alibonyeza tarakimu nne alizotumiwa wiki iliyopita, kisanduku cha ukutani kikafunguka, akatoa ufunguo wenye kibati cha namba 314. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 2 Oktoba, saa nne kasorobo usiku. Ofisi ya bweni ilikwisha fungwa tangu alasiri.*

*Chumbani palikuwa na kitanda kisicho na shuka, meza, sinki, na dirisha ambalo alipozungusha kishikio chake halikufunguka, bali liliinama kwa juu kama mtu anayechungulia kisima. Alilirudisha haraka akidhani amelivunja.*

*Tanga ilikuwa saa tano kasorobo. Mama hajalala. "Ukifika tu uniandikie, hata neno moja." Neno lilikwisha andikwa tangu kwenye treni: Nimefika salama mama. Lakini pembeni yake pamekaa kisaa kidogo cha kijivu, kwa kuwa laini yake ya nyumbani, tangu aliposhuka kwenye ndege, haikuandika kitu zaidi ya* `Emergency calls only`*.*

*Waifai ipo. Jina lake* `eduroam`*, mistari imejaa yote. Alitoa ile karatasi aliyochapishiwa na kijana wa fotokopi pale Ngamiani: jina la mtumiaji* `zh4417`*, na nenosiri la herufi kumi zisizosomeka kama neno la lugha yoyote. Akaandika jina, akaandika nenosiri, sehemu nyingine zote akaziruka, akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Kikakoma. Mtandao ukarudi kwenye orodha kama vile hakuwahi kuugusa.*

*Alirudia mara tisa. Mara ya tatu alidhani ni sifuri, mara ya nne akadhani ni herufi O. Mara ya tisa alikuwa anaandika bila kutazama karatasi.*

*Saa tano mlango wa jirani ukalia. Akatoka. Msichana mwembamba mwenye taulo kichwani alisimama jikoni akichemsha tambi. Alijitambulisha kwa jina la Linh, kutoka Vietnam. Zuhura akamwonyesha simu. Linh akatabasamu, akachukua kalamu, akaandika tarakimu nane kwenye kiganja cha Zuhura.*

*"Nenosiri la waifai," alisema.*

*Ikashika. Kile kisaa kikageuka tiki mbili.*

MzeeWaBando

Pole sana mwanangu. Zima simu dakika tano, iwashe tena. Ikikataa, futa mitandao yote uliyohifadhi uanze upya. Na wewe uliondokaje nyumbani bila kuweka bando la romingi? Lile la siku saba lingekuvusha.

KalamuYaUsiku

Mzee wangu shikamoo. Mimi nipo nyumbani salama, anayeteseka ni Zuhura wa kwenye hadithi.

Mnara7

Hadithi nimeipenda, dirisha hasa. Ila mwisho wake hausimami, na hausimami kwa sababu ya jina ulilochagua.

Umeandika `eduroam`. Huo si mtandao wenye nenosiri moja la jengo zima, kama ruta ya sebuleni. Hakuna tarakimu nane ambazo Linh anaweza kumwandikia mtu kiganjani. Kila mwanafunzi anaingia kwa jina lake na nenosiri lake, na hata kile kidubwana cha darini kinachorusha waifai hakijui nenosiri la mtu yeyote. Kazi yake ni kupeleka maombi kwenye seva ya chuo, na seva ndiyo inayosema huyu ni wetu au si wetu. Mwanafunzi wa chuo kingine akija kutembea, seva inatazama kilichoandikwa baada ya alama ya `@` na kuyarusha maombi yake hadi kwao, hata kama kwao ni nchi nyingine. Mfumo huu ulibuniwa Uholanzi mwaka 2002 ili mtu atumie akaunti yake ya nyumbani akiwa chuo cha watu. Kenya upo kupitia KENET, mtandao wa vyuo vya huko.

Kwa hiyo ukitaka Linh aandike kiganjani, badilisha jina la mtandao uwe wa bweni lenyewe. Ukitaka kubaki na `eduroam`, Linh lazima amsaidie kwa njia nyingine.

Jambo la pili ni pale ulipoandika "sehemu nyingine zote akaziruka". Ana simu gani?

KalamuYaUsiku

Sikuwaza. Tuseme Android, ya miaka miwili mitatu hivi.

Mnara7

Basi asingefika kwenye kile kiduara. Tangu masasisho ya Android 11 ya mwisho wa 2020, simu nyingi ziliondoa lile chaguo la kutokagua cheti cha seva, yaani kitambulisho kinachoonyesha kuwa seva ni ya chuo kweli. Ukiacha wazi sehemu ya `Domain`, yaani jina la seva ya chuo, kitufe cha kuhifadhi kinabaki kimefifia, unakibonyeza na hakisikii. Aifoni ndiyo inayouliza jina na nenosiri tu, halafu inakuonyesha cheti na neno `Trust`. Ukitaka Zuhura apite haraka mpe aifoni, ukitaka ateseke mwachie Android yake.

Fomu iliyojazwa sawasawa inakuwa hivi. Nimetumia `.example` kwa sababu jina hilo limetengwa kwa ajili ya mifano, halitamwangukia mtu:

```
EAP method: PEAP
Phase 2 authentication: MSCHAPV2
CA certificate: Use system certificates
Domain: radius.chuo.example
Identity: zh4417@chuo.example
Anonymous identity: anonymous@chuo.example
Password: ********
```

Hayo ya katikati hayabahatishwi, kila chuo kina yake na huandikwa kwenye ukurasa wake wa msaada. Kwa Zuhura ukurasa huo uko upande wa pili wa mtandao anaojaribu kuuingia. Hapo ndipo pana hadithi, kwa maoni yangu.

ChajiKidogo

Mimi nadhani tatizo ni saa. Ametoka Tanga, simu bado inasoma saa za Afrika Mashariki, Ujerumani ni saa nyingine. Cheti kinalinganishwa na saa ya simu, zikipishana kinakataliwa. Abadilishe saa tu, itashika.

Mnara7

Umeshika nusu, ndugu. Ni kweli cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na simu hukilinganisha na saa yake. Lakini tarehe 2 Oktoba Ujerumani bado wako kwenye saa za kiangazi, tofauti na Tanga ni saa moja tu. Cheti cha seva hudumu miezi mingi, saa moja haikitikisi, labda kiwe kimetolewa usiku huohuo. Halafu ndani ya simu saa huhesabiwa kwa kipimo kimoja cha dunia nzima, eneo unalochagua linabadilisha kinachoonyeshwa tu.

Kinachovunja ni mwaka. Kuna simu ambazo betri ikiisha kabisa zinaamka na tarehe ya zamani, na kwa kawaida hujirekebisha kwa kuuliza mnara wa simu au intaneti. Zuhura hana vyote viwili. Simu ikiamini ni mwaka 2019, kila cheti cha leo inakiona kimetolewa siku ambayo bado haijafika. Hilo hutambulika bila utaalamu wowote, kwa kutazama tarehe kwenye skrini. Dawa yake ni kuiandika tarehe kwa mkono, haihitaji mtandao.

ChajiKidogo

Sawa, nakubali kwenye saa moja. Lakini kwa hadithi, simu inayoamini ni mwaka 2019 ni nzuri kuliko fomu yako.

BintiPwani

Wote mnaizunguka karatasi na hakuna aliyeisoma. Nenosiri la herufi kumi lililochapishwa na kutumwa nyumbani ni nenosiri la kuanzia. Vyuo vingi vya huko havikuruhusu kuingilia mtandao kwa hilo. Unaingia kwanza kwenye tovuti ya akaunti, unalibadilisha, na hapo ndipo akaunti inaamka kwa huduma nyingine zote, waifai ikiwemo. Vingine vinakwenda mbali zaidi, vinakutaka utengeneze nenosiri la pili la waifai peke yake, tofauti na la barua pepe.

Zuhura alipokea karatasi akiwa Tanga, akaikunja, akaiweka kwenye pasipoti. Hakuigusa tovuti. Kwa hiyo hata akijaza fomu ya Mnara7 bila kosa, na saa iwe sahihi mpaka sekunde, seva itamkataa mara tisa, na mara ya kumi pia. Ili aingie kwenye mtandao inabidi abadilishe nenosiri, na ili abadilishe nenosiri inabidi awe na mtandao.

Na tarehe umeichagua vizuri, sijui kama ulikusudia. Tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya Muungano wa Ujerumani, ofisi na maduka yanafungwa. Ukisema 2 Oktoba ni Alhamisi, kesho yake Ijumaa hakuna kitu, Jumamosi maduka yatafunguliwa lakini ofisi ya mitandao ya chuo itafunguliwa Jumatatu.

KalamuYaUsiku

Sikukusudia hata kidogo, niliweka Oktoba kwa sababu ya muhula. Asante dada.

Sasa swali. Zuhura mwenyewe anajuaje ni lipi? Simu inamwambia nini? Sitaki msimulizi ajue kila kitu na yeye asijue lolote.

Mnara7

Simu inasema kidogo, ila inasema kwa hatua. Kwanza inaandika inaunganisha. Kisha inathibitisha, yaani inakagua cheti cha seva, na ikikubali inapeleka jina na nenosiri ndani ya njia iliyofungwa. Mwisho inaandika `Obtaining IP address`. Ukiona maneno hayo hata kwa sekunde moja, jina na nenosiri vimepita, tatizo liko mbele. Ikirudi nyuma kabla ya hapo, tatizo ni cheti au akaunti.

Kuyatenga hayo mawili kwa simu pekee ni kazi, kwa sababu simu nyingi huandika maneno yaleyale ya tatizo la uthibitishaji. Kama ana laptopu ya Windows, afungue dirisha la amri kama msimamizi aandike:

```
netsh wlan show wlanreport
```

Inatengeneza ripoti ya kila jaribio na sababu ya kushindwa, na haihitaji intaneti. Ila mtu aliyesafiri siku nzima hatafanya hivyo saa tano usiku. Kwenye hadithi ningemwachia ishara moja tu: Linh anashika simu, anatazama, anauliza, "Ulishabadilisha nenosiri?" Watu wa bweni huijua dalili kabla ya kujua sababu.

BintiPwani

Na lile jina lisilo na `@`, Mnara7, hukulisemea. Ameandika `zh4417` tupu.

Mnara7

Nililiacha kwa makusudi kwa sababu lina sura mbili. Akiwa kwenye bweni la chuo chake, seva inaweza kumhesabu kuwa mwenyeji ikampitisha bila `@`. Wiki ijayo akienda kumtembelea rafiki mji mwingine, jina hilohilo linagoma, kwa kuwa seva ya kule haijui ilipeleke wapi. Ndiyo maana baadhi ya wasimamizi hulikataa tangu nyumbani, mtu akosee mapema. Mwandishi achague mwenyewe. Mimi ningeligomesha.

ChajiKidogo

Kwa nini asiweke tu hilo chaguo la kutokagua cheti, kama simu yake bado inalo? Usiku mmoja tu.

Mnara7

Ataingia, kama akaunti iko hai. Lakini hilo ndilo kosa linalodumu, maana simu ikihifadhi hivyo haikumbushi tena. Mtu yeyote anaweza kuweka kidubwana chake koridoni akakiita `eduroam`. Simu iliyoambiwa isikague cheti itakwenda kujitambulisha kwake. Nenosiri haliendi wazi, linakwenda limevurugwa kwa ule mtindo wa MSCHAPV2, ila tangu 2012 inajulikana hadharani kwamba mvurugo huo unavunjika kwa uhakika kwa kompyuta ya kutosha. Na nenosiri hilo ndilo la barua pepe na la kujiandikishia mitihani. Kwa hiyo `Domain` si pambo.

Mhariri_Kando

Nimekuwa nasoma kimya. Mwandishi, kuwa makini, uzi huu unaweza kukugeuzia hadithi kuwa kijitabu cha maelekezo. Msomaji hahitaji fomu nzima. Anahitaji kitufe kilichofifia kisichosikia kidole. Hicho kichukue, kina thamani kuliko mara zako tisa.

Ila nina swali kwa mafundi. Linh atamsaidiaje? Akimpa jina na nenosiri lake?

BintiPwani

Hapana, na Linh hatakubali. Kumbukumbu za mtandao huandika jina la akaunti. Mtu akishusha filamu ya wizi kwa jina lako, barua inakuja kwako, na kanuni za vyuo zinakataza kuazimisha akaunti. Linh anaweza kuwasha hotspoti ya simu yake kwa bando lake mwenyewe. Dakika tano, megabaiti chache, Zuhura afungue tovuti ya akaunti.

ChajiKidogo

Simu nyingi za sasa zinaweza kurusha hata waifai yenyewe kupitia hotspoti. Linh ameingia `eduroam`, awashe hotspoti juu yake, bando lisiguswe.

BintiPwani

Hapo tunarudi kulekule, kila atakachofanya Zuhura kitaandikwa kwa jina la Linh.

ChajiKidogo

Kwa dakika tano za kubadilisha nenosiri? Dada, utu kwanza.

Mnara7

Kanuni hazifanani. Kuna vyuo vinavyokataza kwa maandishi kurusha mtandao wao, kuna vinavyonyamaza. Bando lake mwenyewe halina ugomvi.

MzeeWaBando

Sasa nimeelewa kuwa ni hadithi. Lakini nasimama palepale: huyo binti angenunua laini ya huko uwanja wa ndege, na hadithi ingekwishia hapo.

BintiPwani

Mzee, Ujerumani laini ya kulipia kabla haiwaki mpaka usajiliwe kwa kitambulisho, ni sheria tangu Julai 2017. Ukinunua kwenye duka linalosajili palepale, unatoa pasipoti na mambo yanakwisha. Ukichukua ya rafuni supamaketi, mara nyingi unatakiwa ujithibitishe mwenyewe, kwa posta au kwa simu ya video. Posta usiku imefungwa. Simu ya video inataka intaneti.

MzeeWaBando

Duh. Hapo nimenyamaza.

Mhariri_Kando

Kuna shimo jingine, na hili ni la hadithi, si la mtambo. Akishaunganishwa na hotspoti ya Linh, ule ujumbe wa mama utaondoka wenyewe. Hausubiri nenosiri wala `eduroam`. Kisaa kitageuka tiki akiwa bado anahangaika na tovuti. Kwa hiyo lile tatizo lililobeba hadithi nzima linatatuliwa katikati ya ukurasa, na kilichobaki ni karani na fomu.

Mnara7

Afungue tovuti kwa laptopu. Laptopu ndiyo iunganishwe na hotspoti, simu ibaki vilevile mpaka `eduroam` ishike. Utalinda mwisho wako.

Mhariri_Kando

Itaonekana amepangwa na mwandishi. Binti ana simu mkononi, mama anasubiri, atawasha laptopu ya nini?

KalamuYaUsiku

Nimelala na hilo usiku kucha, wakuu. Nimeona nisilizibe hilo shimo, nilitumie. Huu hapa mwisho mpya, kuanzia jikoni. Kile kitufe kilichofifia nimekihamishia juu, na zile mara tisa nimezipunguza zikawa nne, anazozifanya baada ya kukuta kipande cha anwani ya chuo kwenye barua ya bweni na kukiandika kwenye* `Domain` *kwa kubahatisha.

*Linh alikausha mikono kwa taulo, akaishika simu ya Zuhura kwa ncha za vidole kama chombo cha mwenyewe. Hakutazama fomu. Alitazama karatasi.*

*"Hili ulilibadilisha?"*

*"Nibadilishe nini?"*

*Linh alicheka kidogo, si kwa kumcheka. Akatoa simu yake, akabonyeza mara mbili, na kwenye orodha ya mitandao likatokea jina jipya lenye ua pembeni. Akamwandikia nenosiri lake kwenye mvuke wa kioo cha jikoni, kwa kidole, tarakimu nane, na kabla hazijachuruzika Zuhura alikwisha zinakili.*

*Walikaa kwenye ngazi. Tovuti ilikuwa ya Kijerumani. Linh alikuwa akionyesha kwa kidole: hapa, hapa, sasa hapa. Nenosiri jipya, herufi kumi na mbili au zaidi, tarakimu, alama. Zuhura akaandika jina la mtaa wao na mwaka aliozaliwa bibi yake, akamalizia na alama ya mshangao. Tovuti ikakubali. Wakarudi kwenye* `eduroam`*. Ikakataa.*

*"Sahau," alisema Linh.*

*"Nisahau?"*

*"Iambie simu isahau." Akamwonyesha neno* `Forget`*. Simu ilikuwa bado imekumbatia nenosiri la zamani. Wakaandika upya, safari hii na* `@` *na maneno yake ya nyuma, na pale pa* `Domain` *Linh akaandika kwa kumbukumbu, bila kutazama popote. Kiduara kikazunguka. Kikaandika kitu kifupi, kikapotea, na mistari ikapanda juu kabisa ya skrini.*

*Tambi zilikuwa zimevimba na kunywa maji yote. Linh alizigawa kwenye sahani mbili bila kuuliza. Zuhura akafungua ujumbe ili amwandikie mama, na mama alikuwa amekwisha jibu. Dakika ishirini na sita zilizopita, wakati wako kwenye ngazi, wakati hotspoti ya Linh inapumua:*

*"Alhamdulillah. Umekula?"*

Mhariri_Kando

Umekula. Nimekubali.

BintiPwani

Kioo chenye mvuke kimezidi kiganja. Swali dogo: baada ya kubadilisha nenosiri, `eduroam` ilimkataa kwa sababu ya simu pekee? Vyuo vingine akaunti mpya huchukua muda kufika kwenye seva ya waifai, dakika kadhaa, pengine zaidi.

KalamuYaUsiku

Nilitaka iwe simu pekee, ili lile neno "sahau" lifanye kazi.

Mnara7

Liache, linafanya kazi. Simu iliyohifadhi nenosiri la zamani huendelea kulipeleka hilohilo, na si kila simu inakuuliza jipya.

Nina mawili tu. La kwanza, kwenye ile hotspoti hakikisha hujasema mahali popote kwamba laptopu yake iko wazi mezani. Kama aliwahi kuijaribisha `eduroam` kwa karatasi ya zamani, itaendelea kubisha hodi kimyakimya na nenosiri lililokufa. Vyuo vingi hufunga akaunti kwa muda baada ya majaribio kadhaa yaliyokosewa, na Zuhura angebadilisha nenosiri, akaingia, kisha akafungiwa nje robo saa baadaye bila kujua anayemfungia ni nani. Hilo huwapata watu kila mwanzo wa muhula.

La pili, umeandika "Saa tano mlango wa jirani ukalia". Kwa saa za Tanga au za huko? Simu yake isiyo na mtandao haijabadilika bado, ukutani hakuna saa, na ni yeye anayesoma muda.

KalamuYaUsiku

Lo. Za huko nilikusudia. Lakini simu yake ingekuwa inaonyesha saa sita.

ChajiKidogo

Si niliwaambia tatizo ni saa.